Asante Kama Ushahidi: Maadili ya Ukurasa wa Shukrani Katika Tasnifu

Utangulizi

Katika tasnifu za Kiswahili zinazowasilishwa katika vyuo vikuu vya Kenya, kurasa za mwanzo hufuata mpango unaojulikana. Baada ya anwani ya kazi huja ikirari, ambamo mtahiniwa hutamka kwamba kazi ni yake mwenyewe na kwamba haijapata kutolewa kwa ajili ya shahada katika chuo kingine. Chini ya tamko hilo wasimamizi hutia saini. Kisha huja tabaruku, halafu shukrani, halafu ikisiri. Kurasa hizi huhesabiwa kwa tarakimu za Kirumi, kana kwamba zimewekwa barazani na wala si ndani ya nyumba, na mtahini aghalabu huzipitia kwa jicho la haraka kabla ya kuketi na sura ya kwanza.

Makala haya yanakusudia kuuchunguza ukurasa mmoja tu kati ya hizo, yaani ukurasa wa shukrani, na kuuliza swali la kimaadili ambalo halijitokezi kwa urahisi kwa sababu ya mazoea. Tunapomshukuru msimamizi, jamaa na wafadhili kwa maandishi, tunafanya nini hasa? Je, tunalipa deni? Je, tunatimiza adabu? Au kuna wajibu wa aina nyingine unaotufunga?

Swali hili lina uzito kwa sababu ya mkinzano uliopo baina ya kurasa mbili zinazokaribiana. Katika ikirari, mtahiniwa anasema, "Kazi hii ni yangu." Katika shukrani, hatua chache baadaye, anasema kwamba asingaliiweza pasipo watu wengine. Ikiwa tamko la kwanza ni la kweli kiapo kwa kiapo, basi la pili halina budi ama kuwa maneno ya heshima tu, ama kuwa ukweli unaolisahihisha la kwanza. Tutatetea rai kwamba ukurasa wa shukrani ni ushahidi. Kipimo chake ni ukweli kabla ya kuwa adabu, na ufupi wake hutokana na ukweli huo.

Neno lenyewe

Tuanze na lugha. Neno "asante" limetokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya "umetenda vyema". Kwa asili yake, basi, neno hili halisemi lolote kuhusu furaha ya anayelitamka, wala halimwahidi mtendaji malipo. Linatoa hukumu juu ya kitendo: ulilolitenda lilikuwa jema. Mzizi huohuo ndio uliotupatia "hisani" na "ihsani". Anayesema asante anashuhudia kwamba kitendo fulani kilitendwa na kwamba kilikuwa chema.

Neno "fadhila" nalo lina historia inayofaa kukumbukwa. Katika lugha ya asili linabeba maana ya ziada, yaani kile kinachozidi kipimo kilichostahili. Fadhila huanza pale haki inapokwisha. Muuzaji anayepima kilo moja ya maharagwe kwa bei ya kilo moja hajafadhili mtu. Ile konzi anayoiongeza baada ya kupima ndiyo fadhila. Kutokana na neno hili tumepata "mfadhili", na katika vyuo vyetu tumelieneza hata likawa jina la kila mtu au taasisi inayotoa fedha. Tutaona baadaye kwamba uenezaji huu umetia ukungu mambo yaliyokuwa wazi.

Fasihi yetu ya kale haikuwa na ukurasa wa shukrani, lakini ilikuwa na mahali pa kutajia mazingira ya kazi. Mtunzi wa Utendi wa Tambuka, Mwengo wa Athumani, aliyetunga huko Pate mnamo 1728, hakuficha kwamba kazi yake ilitokana na matakwa ya sultani. Mwana Kupona naye, katika utendi aliomtungia binti yake mnamo 1858, anafika mwisho kwa kujinyenyekeza na kutaja mwaka wa utunzi, yaani 1275 wa Hijria. Desturi hizi zilikuwa na kanuni zake zilizorudiwarudiwa na watunzi wengi, wala hatuna haja ya kudai kwamba kila unyenyekevu ulikuwa wa moyoni. Jambo la kuzingatia ni kwamba ndani ya kanuni hizo mlikuwamo habari: nani alitaka kazi itungwe, ni nani aliyeitunga, na lini. Msomaji wa leo, baada ya karne kadhaa, bado anazitegemea. Kanuni ilibeba ushahidi.

Mfano kutoka Huruma

Ili hoja isielee hewani, tuubuni mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Mtahiniwa wetu hayupo duniani, lakini hali yake haitakuwa ngeni kwa wasomaji. Anakaa Huruma, mtaa wenye wakazi wengi wa kipato cha chini katika jiji la Eldoret, ambao pia ni wadi katika eneo bunge la Turbo, Kaunti ya Uasin Gishu. Anasomea shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Moi, ambacho bewa lake kuu liko Kesses, nje ya jiji. Tasnifu yake inahusu lugha ya kupatana bei baina ya wachuuzi wa mboga na wateja wao mtaani mwake. Amerekodi mazungumzo ya wanawake ishirini na wanne. Mama yake mwenyewe ni mchuuzi. Kaka yake aliacha shule akiwa kidato cha pili, sasa anaendesha bodaboda, na karo ya mdogo wake ilitoka kwa sehemu kwenye pikipiki hiyo. Chama cha akina mama ambacho mama ni mwanachama kilimkopesha shilingi 15,000 bila riba. Amepata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na wakfu mmoja umemlipia kinasasauti na ujira wa binti wa jirani aliyenukuu mazungumzo.

Rasimu yake ya kwanza ya shukrani ilisomeka hivi:

"Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenijalia uhai na afya. Pili, namshukuru kwa dhati msimamizi wangu ambaye amekuwa mwanga, nguzo na mzazi kwangu, na ambaye hakuchoka kuniongoza usiku na mchana. Siwezi kuwasahau jamaa zangu wote kwa upendo wao usiopimika. Vilevile nawashukuru wafadhili wangu wote, ikiwemo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na wakfu ulionisaidia, kwa ukarimu wao mkubwa. Nawashukuru pia watafitiwa wote. Mungu awabariki nyote. Makosa yote yaliyomo ni yangu."

Hakuna ubaya unaoonekana hapa. Sarufi ni nzuri, na kila anayestahili kutajwa ametajwa kwa namna fulani. Hata hivyo tuijaribu rasimu hii kwa kipimo kimoja chepesi. Tuondoe jina la msimamizi huyu na kuweka la msimamizi mwingine yeyote, katika idara yoyote. Je, sentensi inabadilika? Haibadiliki. Tuondoe jamaa wa mtahiniwa huyu na kuweka jamaa wa mwenzake. Sentensi inasimama palepale. Shahidi ambaye maneno yake yanaweza kuhamishwa kutoka kesi moja hadi nyingine bila kuguswa hajashuhudia lolote. Dua kwa Mwenyezi Mungu tunaiacha nje ya kipimo hiki, kwa kuwa aombaye hatoi ushahidi kwa msomaji. Lakini sentensi nyingine zote zinawahusu binadamu waliotenda mambo mahususi, na mambo hayo hayamo.

Msimamizi: haki na ziada

Tuanze na msimamizi, kwa kuwa ndiye anayetatanisha zaidi. Kusoma sura za mwanafunzi na kuzirudisha zikiwa na maoni ni kazi ambayo msimamizi ameajiriwa kuifanya. Hiyo ni haki ya mwanafunzi. Wapo wanaohitimisha kwamba haistahili shukrani, kama vile mtu asivyomshukuru mpima ardhi kwa kupima ardhi. Wapo pia, na ndio wengi, wanaoandika kana kwamba kila alama ya kalamu nyekundu ilikuwa sadaka. Pande zote mbili zinakosea kwa kutotenganisha haki na ziada.

Tuseme msimamizi wa mtahiniwa wetu aliisoma sura ya tatu mara nne. Katika usomaji wa pili aligundua kwamba mazungumzo yote yaliyorekodiwa yalikuwa ya asubuhi, wakati wachuuzi wa Huruma wanaponunua kwa jumla au kuwauzia wenye vibanda, na kwamba upataji bei wa mteja wa nyumbani hufanyika jioni, watu wanapotoka kazini. Akamtuma mwanafunzi arudi sokoni. Nusu ya hoja za tasnifu zilizaliwa katika safari hiyo ya pili. Hapa kuna jambo la kushuhudia. Halina uhusiano na mwanga wala nguzo. Ni kitendo chenye mahali, wakati na matokeo. Msomaji anayeijua habari hii anaielewa tasnifu vizuri zaidi, maana anajua kwa nini takwimu zimegawanyika katika vipindi viwili. Na msimamizi mwenyewe ametendewa haki, kwa kuwa sifa aliyopewa ni yake na haiwezi kuvalishwa mtu mwingine.

Je, kitendo hicho kilikuwa haki au fadhila? Kwa sehemu kilikuwa cha kazi. Lakini mtu anaweza kuifanya kazi kwa kiasi cha kumwezesha kutia saini, na anaweza kuifanya kwa uangalifu unaopita kiasi hicho. Ziada hiyo ndiyo inayostahili asante katika maana yake ya asili: ulitenda vyema.

Hata hivyo pana tatizo la mamlaka ambalo hatuwezi kulifumbia macho. Tasnifu hufungwa kwa ajili ya kutahiniwa wakati msimamizi bado ana kalamu ya kutia saini mkononi. Sifa zinazoandikwa na aliye chini kumhusu aliye juu, kabla ya aliye juu kuamua, ni vigumu kuziamini hata zikiwa za kweli. Mwanafunzi aliyetelekezwa miezi minane naye huandika "hakuchoka kuniongoza", kwa sababu kunyamaza kungesomwa kama matusi. Msomaji mzoefu analijua hilo, na matokeo yake ni kwamba aliyefanya kazi kweli hawezi kutofautishwa na aliyetega. Sifa za bure huwaibia wanaostahili sifa.

Kuna njia mbili za kupunguza tatizo hili. Ya kwanza ni ya utaratibu: shukrani ziandikwe upya baada ya utetezi na masahihisho, wakati wa kuandaa nakala ya mwisho ya maktaba, kwa kuwa wakati huo hofu imepungua. Ya pili ni ya kimtindo. Anayelazimika kumtaja msimamizi asiyefanya mengi anaweza kusema lile dogo alilolifanya, bila chumvi: "aliidhinisha pendekezo na kuisoma rasimu ya mwisho." Maneno hayo si tusi, wala si uongo. Kwa mtindo wa kutaja vitendo, ukimya juu ya yasiyotendeka unakuwa adabu tosha.

Wafadhili: nani hasa amefadhili?

Katika rasimu ya mtahiniwa wetu, taasisi tatu zimewekwa chini ya neno "wafadhili" na kushukuriwa kwa "ukarimu". Tuzitenganishe.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria mnamo 1995, miaka michache baada ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma kuanza kuchangia gharama za masomo yao mnamo 1991. Kama jina lake linavyosema, inakopesha. Mkopo hulipwa, tena pamoja na riba. Kumwita mkopeshaji mfadhili ni kulibatilisha neno. Pana haja ya kuitaja bodi hiyo, kwa kuwa msomaji anastahili kujua masomo yaligharimiwa vipi, lakini kitenzi sahihi ni "nilisoma kwa mkopo", na wala si "nawashukuru kwa ukarimu". Mtu anayeshukuru kwa haki yake kana kwamba ni hisani anawafundisha wanaomfuata kuinamisha kichwa mahali walipopaswa kusimama wima. Hili si jambo dogo kwa mtoto wa mtaa ambao jina lake lenyewe ni Huruma. Huruma ni sifa njema ya moyo, lakini elimu ya mwananchi haikuahidiwa kwa misingi ya huruma.

Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, iliyoanzishwa chini ya sheria ya 2013, ilitoa kibali cha utafiti. Kibali ni sharti la sheria. Kutaja kwamba kilipatikana ni habari muhimu, na mahali pake ni katika sura ya mbinu za utafiti, au nakala yake katika viambatisho.

Wakfu, kwa upande wake, ulitoa fedha ambazo haukuwa na deni la kuzitoa. Huo ni ufadhili kwa maana kamili. Lakini hapa wajibu wa shukrani unaambatana na wajibu mwingine ambao mwandishi wa rasimu hakuuona. Anayelipia utafiti anaweza kuwa na haja na matokeo yake. Kumtaja ni kumpa msomaji nafasi ya kupima. Sultani wa Pate anapotajwa ndani ya utendi, msomaji anajua asome vipi habari za vita na ushujaa zilizosimuliwa kwa ajili ya nyumba ya mfalme. Vivyo hivyo, tasnifu iliyolipiwa na wakfu unaohimiza biashara ndogo ndogo haina budi kusema hivyo, isije ikawa sifa za uchuuzi zilizomo zimeota kwenye shamba ambalo mwenyewe hakutajwa. Kwa sababu hiyo haitoshi kusema "wakfu ulionisaidia". Yafaa kusema ulilipia nini, na kama uliwahi kuiona kazi kabla ya kukamilika.

Chama cha akina mama hakikutajwa kabisa katika rasimu. Shilingi 15,000 zilirudishwa, na pengine mtahiniwa alidhani kwamba deni lililolipwa limefutika. Fedha zilirudishwa kweli. Lakini kutokuwapo kwa riba, na imani ya kumkopesha mtu asiye na mshahara, hayakuwamo katika kile kilichorudishwa. Hiyo ndiyo ziada, nayo ni fadhila halisi kuliko ya bodi. Jambo la kutia mashaka ni kwamba rasimu ilizitaja taasisi zenye barua rasmi na kuwasahau wanawake wenye daftari la chama.

Wasiotajwa kwa majina

Ushahidi huhitaji majina, na mtu anaweza kudhani kwamba kanuni yetu inadai wachuuzi wote ishirini na wanne waorodheshwe. Wapo watafiti wanaofanya hivyo kwa nia njema kabisa, wakiona kwamba "watafitiwa wote" ni njia ya kuwameza watu waliotoa kila kitu kilichomo ndani ya kazi.

Lakini Eldoret ni mojawapo ya miji iliyoumizwa vibaya na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Katika nchi ambamo jina la ukoo mara nyingi humtambulisha mtu kwa jamii yake, orodha ya majina ya wachuuzi wa mtaa mmoja ni zaidi ya orodha ya majina. Tasnifu hukaa maktabani kwa miaka mingi, na siku hizi huwekwa pia katika hazina za mtandaoni, ambako mwandishi hawezi kujua nani ataisoma wala katika majira gani ya siasa. Tena wachuuzi wamenukuliwa wakidanganya kidogo juu ya bei ya ununuzi, kama wafanyavyo wachuuzi wote duniani. Aliyeahidiwa kwamba sauti yake itatumika bila jina lake, kisha akashukuriwa kwa jina, amelipwa wema kwa mateke, kama methali isemavyo kuhusu punda.

Hivyo basi kuna shukrani ambayo sura yake ni kuficha. Ukweli unaotakiwa hapa ni wa kitendo, na kitendo kinaweza kusemwa bila jina: wanawake ishirini na wanne walikubali kurekodiwa wakiwa kazini, asubuhi na jioni, na baadhi yao walipoteza wateja wakati wa mahojiano. Sentensi hiyo haiwezi kuhamishiwa tasnifu nyingine, wala haimfichui mtu.

Jamaa: deni lisilolipika

Tumefika kwenye jambo gumu kuliko yote. Kaka aliacha shule. Katika rasimu, kitendo hicho kimejificha ndani ya "upendo usiopimika" wa "jamaa zangu wote". Je, mwandishi alipaswa kukitaja?

Wanafalsafa waliolitafakari suala la shukrani wametuachia tahadhari mbili zinazofaa hapa. Seneca, Mrumi wa karne ya kwanza aliyeandika kitabu kizima juu ya hisani, alionya kwamba mwenye haraka ya kulipa wema anafanana na mtu anayebeba deni bila ridhaa. Anataka kuutua mzigo, hataki kuuthamini. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1797 kuhusu maadili, alifikiri kwamba wajibu wa shukrani hauwezi kumalizwa kwa malipo yoyote, kwa sababu aliyetangulia kutenda wema ana heshima ya kutangulia, na hiyo hairudishiki. Tukiyaunganisha mawazo haya tunaona hatari iliyomo katika ukurasa wa shukrani: mwandishi anaweza kuutumia kama stakabadhi. Nimekutaja, tumemalizana.

Kwa kaka huyu hakuna stakabadhi. Miaka miwili ya shule aliyoikosa hairudi kwa mstari mmoja katika kitabu ambacho huenda hatakifungua. Zaidi ya hayo, hatujui kama alitoa au alitolewa. Huenda alichagua mwenyewe. Huenda baraza la ukoo liliamua kwamba mmoja asome na mwingine atafute, na hakuna aliyemuuliza. Kuiita hali ya pili "kujitolea kwa ukarimu" ni kuigeuza hasara aliyotwikwa mtu kuwa zawadi aliyoitoa. Huo ni udanganyifu wenye kudhuru kuliko chumvi zote za "mwanga" na "nguzo", kwa sababu unamstarehesha mnufaika.

Rai yetu ni kwamba mwandishi asikimbilie kuandika, bali kwanza amwendee kaka yake. Kuna asante inayosemwa nyumbani, uso kwa uso, na hiyo ndiyo inayomhusu mtendaji. Ushahidi wa maandishi unawahusu wageni, nao unahitaji kibali cha mwenye habari. Kaka akikubali, sentensi itaje kilichotokea bila kukipamba: "Kaka yangu aliacha shule, na sehemu ya karo yangu ilitokana na kazi yake." Asipokubali, itoshe kusema kwamba kazi yake ililipia karo. Katika hali zote mbili sentensi haidai kwamba deni limelipwa. Inakataa tu kulikana.

Pingamizi mbili

Mtu anaweza kutupinga kwa methali inayotuasa tutende wema na kwenda zetu, tusingoje shukrani. Ikiwa wema wa kweli hausubiri kutajwa, kwa nini tuhangaike na namna ya kuutaja? Jibu ni kwamba methali hii inamfunga mtenda wema, haimfungui mtendewa. Mtendaji anaambiwa asingoje; mpokeaji hajaambiwa asiseme. Anayeitumia ili kujitetea kwa kunyamaza ameuvaa wosia wa mtu mwingine.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Inasemwa kwamba maneno ya shukrani ni desturi, na desturi haidanganyi mtu. Kila msomaji anajua kwamba "hakuchoka usiku na mchana" ni namna ya kusema tu, kama vile "hujambo" lisivyokuwa uchunguzi wa afya. Tunakubali kwamba desturi si uongo. Lakini salamu hupita pamoja na siku, na ukurasa huu unabaki ndani ya kitabu ambacho kila sentensi yake nyingine imetakiwa ithibitishwe. Mtahini anayemkemea mwanafunzi kwa dai lisilo na ushahidi katika sura ya nne hawezi kwa haki kusema kwamba ukweli unaanzia kwenye ukurasa wa tarakimu za kawaida.

Ukurasa uliosahihishwa

Baada ya mapitio hayo, mtahiniwa wetu, ambaye kaka yake tunachukulia kwamba amekubali kutajwa, angeweza kuandika hivi, akiweka majina pale panaporuhusu:

"Namshukuru Mungu kwa uzima. Msimamizi wangu aliisoma sura ya tatu mara nne, na ndiye aliyenirudisha sokoni jioni. Mgawanyo wa data katika vipindi viwili umetokana na ushauri wake. Wanawake ishirini na wanne wa Huruma walikubali nirekodi kazi yao, na wengine walipoteza wateja kwa ajili yangu. Niliwaahidi kutowataja, nami nimeitunza ahadi hiyo. Nilisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Wakfu ulilipia kinasasauti na ujira wa mnukuzi, na haukuiona kazi kabla ya kukamilika. Mnukuzi alisahihisha tafsiri zangu tatu za misemo ya sokoni. Chama cha mama yangu kilinikopesha bila riba nilipokuwa sina dhamana. Mama alinifundisha lugha niliyokuja kuichunguza. Kaka yangu aliacha shule, na sehemu ya karo yangu ilitokana na kazi yake. Uamuzi wa mwisho juu ya kila kilichoandikwa humu ulikuwa wangu, na kwa hiyo makosa ni yangu."

Ukurasa huu si mrefu sana kuliko rasimu ya kwanza, ingawa umebeba mambo mara kadhaa zaidi. Nafasi imepatikana kwa kuondoa sifa na kuacha vitendo. Tuangalie pia jinsi ile kauli ya kimapokeo kuhusu makosa ilivyopata sababu. Katika rasimu ilikuwa unyenyekevu uliobandikwa mwishoni. Hapa inafuata kutoka kwenye maelezo: wengi walichangia, lakini aliyeamua ni mmoja, na anayeamua ndiye anayewajibika.

Hitimisho

Kwa kauli hiyo ya mwisho, mkinzano tulioanza nao unatatuka. Ikirari inapodai kwamba kazi ni ya mtahiniwa, haidai kwamba kila kilichomo kilitoka kwake. Inadai kwamba yeye ndiye atakayeulizwa. Shukrani nazo hazipunguzi umiliki huo. Zinaeleza kile ambacho aliyeulizwa alikipokea, kutoka kwa nani, na kama alichopokea kilikuwa haki, mkopo au fadhila. Kurasa mbili hizo zikisomwa pamoja zinatoa jibu moja kwa swali la nani ametenda nini.

Inafuata kwamba idara zetu zingefanya vyema kuuingiza ukurasa wa shukrani katika mafunzo ya uandishi wa tasnifu, si kwa kutoa kielelezo cha kunakiliwa, maana kielelezo ndicho kilichotufikisha hapa, bali kwa kumwuliza mwanafunzi maswali matatu kuhusu kila jina analotaka kuliandika: alitenda nini, je alipaswa kukitenda, na je ameridhia kitajwe. Mwanafunzi asiyeweza kulijibu swali la kwanza kuhusu mtu fulani bado hajawa tayari kumshukuru mtu huyo.